Kutoa Fedha Zote Si Kufunga Akaunti

Maneno ya mazungumzo yetu na wananchi wa Kasulu na Kibondo kuhusu ada za akaunti zilizolala na salio hasi

Hatukuja kunadi huduma ya benki yoyote, wala hatukuja kuwatisha mkimbie mabenki. Tumekuja kuzungumza nanyi jambo moja tu: kwa nini mtu aliyeamini kuwa amefunga akaunti yake hurudi benki baada ya mwaka au miaka miwili akaambiwa kuwa anadaiwa.

Jambo hili lina sababu ya kuzungumzwa hapa nyanda za juu za Kigoma. Kwa miaka mingi kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, zimewapa vijana wetu kazi za mkataba: waelimishaji wa afya, walinzi, madereva, walimu, watunza ghala. Ujenzi wa barabara nao umewachukua wengine. Kazi za namna hiyo huanza na sharti moja, kwamba mshahara utapitia benki. Basi kijana hufungua akaunti kwa sababu ya mshahara. Mkataba ukiisha, au kambi ikifungwa kama ilivyofungwa Mtendeli kule Kakonko mwaka 2021, mshahara hukoma na kijana hurudi shambani au hushika biashara ya maharage. Akaunti haijui kwamba mkataba umeisha. Inabaki pale pale, na ada zake zinaendelea kuhesabiwa.

Mfano wa kijana wa Kasulu

Tuchukue mfano. Mtu huyu tumemtunga sisi, wala benki yake hatuitaji, lakini kila hatua yake ni ya namna inayotokea kweli.

Kijana wa Kasulu alifanya kazi ya mkataba Kibondo. Mkataba ulipoisha mwezi Machi, tarehe 18, alikwenda katika tawi alilofungulia akaunti. Alijipanga kwenye foleni, akamwambia karani wa kaunta, "Dada, naomba nifunge akaunti, narudi nyumbani." Karani akampa shilingi zake zote zilizokuwamo, 86,300, akapokea kadi yake ya benki, akamwandikia risiti ya kuirudisha, akamtakia safari njema. Kijana akapanda basi kwenda Kasulu akiwa na amani moyoni. Baada ya muda aliacha kutumia laini ya simu aliyoisajili benki, akanunua nyingine.

Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, mnunuzi wa maharage alimwambia kuwa angemlipa kwa njia ya benki. Kijana akaenda katika tawi la benki ile ile, Kasulu mjini, kufungua akaunti mpya. Mhudumu akaingiza namba yake ya kitambulisho cha taifa, akasema, "Kaka, wewe una akaunti kwetu tayari, ila imelala. Jaza fomu hii tuiamshe." Kijana akafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Mwanzoni mwa Desemba mnunuzi akaweka shilingi 300,000. Kijana alipotazama salio, alikuta shilingi 262,830.

Zilizopungua ni shilingi 37,170. Hakuna mwizi aliyezichukua. Akaunti ile haikufungwa hata siku moja. Ada yake ya uendeshaji ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 270. Jumla shilingi 1,770. Machi yote ilihesabiwa mara moja mwisho wa mwezi, siku 13 baada ya yeye kuondoka. Kisha zikafuata Aprili hadi Novemba ya mwaka wa pili, miezi 20, ambayo ni shilingi 35,400. Ongeza ile 1,770 ya Machi, utapata 37,170 kamili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kilichojaa kilikuwa cha deni.

Nini kilitokea ndani ya mashine

Ili tuelewe kosa lilipo, inafaa tujue akaunti hupita katika hali gani.

Akaunti inayotumika huitwa hai. Mwenyewe asipoweka wala kutoa chochote kwa muda uliowekwa na benki yake, mfumo huibadilisha kuwa akaunti isiyotumika, na baadaye akaunti iliyolala. Muda huo haufanani katika kila benki, kwa hiyo uulize wa benki yako. Makato ya benki yenyewe hayahesabiwi kuwa ni wewe umeitumia akaunti, hata yakiwa ya kila mwezi.

Akaunti kulala ni kinga kwanza. Inamzuia mtu mwingine asichote fedha kimya kimya katika akaunti ambayo mwenyewe haitazami. Lakini kinga hiyo huzuia mkono wa anayekuja kutoa. Haizuii lazima mkono wa benki inayokata ada. Zipo benki zinazosimamisha ada akaunti inapolala, zipo zinazoendelea na ada ile ile ya kila mwezi, na zipo zinazotoza ada maalumu ya akaunti iliyolala. Jibu la benki yako limo katika orodha yake ya ada na katika mkataba uliotia saini siku ya kwanza.

Sasa, ada inapofika mwisho wa mwezi na akaunti haina kitu, mfumo wa benki hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza hukata hivyo hivyo, na salio hushuka chini ya sifuri. Hilo ndilo salio hasi, na katika taarifa ya akaunti huonekana likiwa na alama ya kutoa mbele yake. Wa pili hauonyeshi salio hasi. Unaacha sifuri ikae sifuri, lakini pembeni unaandika ada zisizolipwa, mwezi baada ya mwezi, ukisubiri fedha ziingie. Siku fedha zinapoingia, unazikata zote kwa mkupuo.

Huu wa pili ndio unaowadanganya wengi. Mtu hutazama salio, huona sifuri, husema, "Sidaiwi." Sifuri hiyo inaeleza fedha zilizomo tu. Ada zinazosubiri hazimo katika hesabu yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhudumu ni hili: "Je, akaunti hii ina ada zozote ambazo hazijakatwa?"

Turudi kwa kijana wetu. Karani alimpa fedha zote, lakini kutoa fedha ni muamala wa kawaida, kama mwingine wowote. Kupokea kadi nako kulizima kadi tu, hakukuifunga akaunti. Kufunga akaunti ni kazi nyingine, yenye fomu yake, inayoidhinishwa na ofisa mwingine, na ambayo mfumo hukataa kuimaliza ikiwa kuna ada ya mwezi unaoendelea ambayo haijalipwa. Kijana alisema neno "nifunge", lakini hakuna karatasi iliyolibeba neno hilo kutoka kaunta hadi mezani kwa ofisa huyo.

Hata kama angejaza fomu siku ile na kisha akachukua shilingi zote 86,300, ada ya Machi ingekuta akaunti tupu, na fomu ingekwama. Hivyo ndivyo hutokea salio hasi nyuma ya mtu ambaye kweli aliomba kufunga. Aliomba, lakini alimaliza fedha kabla ya ada ya mwisho kukatwa.

Jinsi ya kufunga akaunti ikafungika

Utaratibu unaofaa hauna ugumu, ila unataka upangwe vizuri.

Kwanza, kabla hujatoa fedha zako, uliza gharama za kufunga. Mwambie mhudumu akutajie ada ya mwezi unaoendelea, ada ya kadi kama muda wake umefika, ada ya ujumbe wa simu kama inatozwa, na ada ya kufunga akaunti yenyewe kama benki inayo. Kama una mkopo, au umewahi kuiagiza benki ikukatie fedha kila mwezi kwa ajili ya bima au mchango, maagizo hayo yafutwe kwanza. Hayo yote yajumlishwe yakatwe ukiwa pale pale. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chako cha kuondoka nacho.

Pili, peleka ombi kwa maandishi. Benki nyingi zina fomu. Ikikosekana, barua inatosha. Isiwe ndefu. Andika hivi: "Mimi, mwenye akaunti namba fulani, naomba akaunti yangu ifungwe kuanzia leo tarehe fulani. Naomba ada zote hadi leo zikatwe, salio linalobaki nilipwe, na nipewe barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa." Peleka nakala mbili. Moja ibaki benki. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Muhuri huo ndio utakaokutetea baadaye, kwa maana unaonyesha siku ambayo benki ilijua nia yako.

Wenye akaunti zilizofunguliwa wilaya nyingine, ulizeni kwanza kama tawi lililo karibu nanyi linaweza kupokea ombi. Baadhi ya benki hutaka ombi liende katika tawi lililofungua akaunti, na safari ya kutoka Kasulu hadi Kibondo kwenda kuambiwa urudi kesho ni hasara ya nauli. Na wewe unayemaliza mkataba, fanya jambo hili kabla hujafunga mizigo.

Tatu, usiridhike na maneno "tayari, imekwisha". Rudi, au mtume uliyempa idhini ya maandishi, baada ya mwisho wa mwezi wa kwanza kupita, ukaulize hali ya akaunti katika mfumo. Sikiliza neno utakalojibiwa. "Imefungwa" ndilo neno unalolitaka. "Imelala" maana yake bado ipo. "Imezuiwa" maana yake bado ipo, ila haiwezi kutumika. Katika hali hizi mbili ada zinaweza kuendelea. Ukiambiwa imefungwa, omba barua ya uthibitisho na taarifa ya akaunti inayoishia kwenye sifuri, uvihifadhi pamoja na nakala yako yenye muhuri.

Nne, benki iwe na namba yako ya simu unayoitumia. Kijana wetu alibadili laini, na kama benki ilimtumia ujumbe wowote kuhusu makato, ujumbe huo ulikwenda kwenye laini isiyowashwa tena.

Tuseme neno moja pia kwa asiyetaka kufunga. Huenda unatarajia mkataba mwingine baada ya miezi sita, na hutaki kuanza upya. Basi uliza kama benki hiyo ina akaunti ya akiba isiyokuwa na ada ya kila mwezi, uombe kuhamishiwa huko. Akaunti ya mshahara isiyopokea mshahara hugeuka mzigo, lakini akaunti isiyo na ada ya mwezi inaweza kukaa bila kukulimbikizia deni. Uulize tu kama inatozwa kitu ikilala.

Ukikuta deni limekwisha kuandikwa

Huenda miongoni mwenu wapo ambao tumechelewa kuwafikia. Umekwenda benki, umeambiwa una salio hasi. Ufanye nini?

La kwanza, usiweke fedha katika akaunti hiyo kabla hujajua hesabu yake, wala usimwelekeze mtu akulipe humo. Fedha ikiingia hukatwa papo hapo, na kudai kurudishiwa ni kazi kubwa kuliko kupinga deni ambalo halijakatwa. Ikiwa una akaunti nyingine katika benki hiyo hiyo, soma mkataba uone kama benki imejipa haki ya kuchukua kutoka akaunti moja kulipia nyingine.

La pili, omba taarifa ya akaunti kuanzia muamala wako wa mwisho hadi leo. Uliza kwanza kama inatozwa, na kama ni hivyo, uombe kipindi hicho tu. Chukua kalamu, ugawe makato katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makato ya kabla ya siku uliyoomba kufunga. Hayo ni yako, kama yamo katika orodha ya ada uliyoikubali. Kwa kijana wetu hapa hapakuwa na kitu, kwa kuwa yalikwisha kukatwa wakati akiba ipo.

Fungu la pili ni ada ya mwezi ule ule ulioomba kufunga. Hapa pana mjadala. Uliitumia akaunti siku kadhaa za mwezi huo, na benki nyingi huhesabu mwezi mzima. Kwa kijana wetu ni shilingi 1,770. Sisi tungemshauri ailipe, asipoteze nguvu za hoja yake kubwa kwa ajili ya kiasi hicho.

Fungu la tatu ni makato yote ya miezi iliyofuata. Haya ndiyo ya kupinga, ikiwa unaweza kuonyesha kwamba benki ilipokea ombi lako. Kwa kijana wetu ni shilingi 35,400. Hakuwa na barua yenye muhuri, lakini alikuwa ameweka risiti mbili: ya kutoa fedha zote na ya kurudisha kadi, zote za tarehe 18 Machi, zote za tawi moja. Risiti hizo hazisemi "nafunga akaunti". Hata hivyo, mtu anayetoa kila shilingi aliyonayo na kukabidhi kadi siku hiyo hiyo, kisha asiguse akaunti kwa miezi 20, ametoa ushahidi wa maana wa alichokusudia. Ni hoja ya kupeleka mezani, ingawa si hoja ya kushinda kila mara. Angekuwa na muhuri mmoja tu, kusingekuwa na ubishi. Ndiyo maana wazee husema mali bila daftari huisha bila habari.

Asiye na ushahidi wowote bado anayo maswali ya kuuliza. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinaitaka benki imweleze mteja ada zake waziwazi kabla ya kuingia mkataba, na imjulishe inapozibadili. Kwa hiyo uliza: ada hii imeandikwa wapi katika masharti niliyotia saini? Kama ilipandishwa, nilijulishwa lini na kwa njia gani? Kuna sharti gani linaloiruhusu akaunti yangu kwenda chini ya sifuri, wakati sikuomba mkopo? Ada isiyo na maandishi nyuma yake haina mguu wa kusimamia. Linganisha pia kiasi ulichokatwa na orodha ya ada za mabenki ambayo Benki Kuu huitangaza katika tovuti yake, bot.go.tz.

Ikiwa majibu ya maswali hayo yote yapo, na hukuomba kufunga, basi tuseme ukweli: unadaiwa. Kuacha kutumia akaunti hakuvunji mkataba. Hapo unaweza kumwomba meneja akupunguzie au akufutie, na wapo wanaokubali, hasa deni likiwa ni la ada tupu. Lakini hilo ni ombi, si dai, nalo liombwe kwa lugha ya ombi. Likikubaliwa, lipewe maandishi, na akaunti ifungwe siku hiyo hiyo. Ukifutiwa deni na akaunti ukaiacha wazi, mwisho wa mwezi utaanza tena kuhesabiwa.

Kupeleka malalamiko

Malalamiko huanzia benki yenyewe. Andika barua kwa meneja wa tawi, utaje namba ya akaunti, tarehe uliyoomba kufunga, kiasi unachopinga, na kiasi unachokubali. Kijana wetu angeandika: "Nakubali shilingi 1,770 za mwezi Machi. Napinga shilingi 35,400 zilizokatwa kwa miezi 20 baada ya mimi kutoa fedha zote na kurudisha kadi tarehe 18 Machi. Naomba nirudishiwe kiasi hicho." Barua inayokubali kinachostahili kukubaliwa husomwa kwa heshima zaidi kuliko inayokataa kila kitu. Ambatisha nakala za risiti, na asili zake ubaki nazo. Omba namba ya malalamiko au muhuri wa kupokelewa.

Benki ikinyamaza, au ikikupa jibu lisilokuridhisha, ndipo unapoleta malalamiko Benki Kuu, ambako hupokelewa bila malipo. Huhitaji wakili. Hapa mkoani Kigoma hakuna tawi la Benki Kuu. Matawi yapo Mwanza, Dodoma na kwingineko, lakini huna haja ya kusafiri, maana barua inafika, na tovuti tuliyoitaja ina njia ya kuwasilisha malalamiko. Leta nakala ya barua uliyoiandikia benki, jibu lake kama lipo, taarifa ya akaunti na risiti zako. Asiyeanza na benki hurudishwa akaanzie huko, na hivyo hupoteza majuma bure.

Jambo la mwisho la kuuliza ukiwa benki ni kama salio hasi lako limepelekwa katika kanzidata ya taarifa za wakopaji. Ada si mkopo, lakini salio hasi likiandikwa kama mkopo uliochelewa kulipwa, linaweza kukutangulia siku utakapoomba fedha za pembejeo au za kupanua duka. Kampuni zenye leseni ya kutunza taarifa hizo zinaweza kukupa taarifa inayokuhusu. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa au lililofutwa bado limo, ile barua ya benki ndiyo itakayoliondoa.

Ndugu wananchi, kabla hatujafungua nafasi ya maswali, tunawaomba mfanye jambo moja mkifika nyumbani. Fungua mkoba au sanduku unamoweka karatasi zako, utafute kadi za benki za zamani na vitabu vya akaunti vya kazi zilizokwisha. Kwa kila kimoja jiulize kama unayo barua ya kuifunga akaunti hiyo. Kama huna, ichukulie kuwa ipo wazi hadi benki ikuambie kwa maandishi kwamba imefungwa, na panga siku ya kwenda kuuliza. Ukienda mwezi huu, huenda ukakuta deni la miezi michache. Ukisubiri hadi mnunuzi mwingine wa maharage akulipe kwa benki, utalijua kwa kukuta malipo yako yamepungua.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.